Simu ya mtumba: Betri ina punguzo, kufuli halina

Jirani yangu hapa Kisauni huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi. Miezi michache nyuma alimpa mwanawe shilingi 11,000, pesa za zamu yake ya chama, akanunue simu ya kusomea chuoni. Kijana akenda mjini, akazunguka maeneo ya Mwembe Tayari, akarudi na Samsung Galaxy A24 inayong'aa, kioo hakina mkwaruzo hata mmoja. Vibandani simu kama hiyo ilikuwa ikiuzwa 15,000. Yeye aliipata kwa kijana aliyekuwa amesimama kando ya njia, na nyumbani wakamsifu kwamba anajua kubishana bei.

Siku ya kumi na moja simu ikajifunga. Kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba ni simu ya mkopo, malipo yamechelewa, na haitafunguka mpaka deni lilipwe. Namba ya muuzaji ikawa haipatikani. Akaniletea mimi, kwa kuwa nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya ufundi wa simu. "Ami, nifungulie tu, nitakulipa," akasema. Ikabidi nimweleze kwamba ameshalipa pesa kwa kitu ambacho si chake.

Ukiuza hamri moja shilingi 10, shilingi 11,000 ni mahamri 1,100, na hapo hujatoa gharama ya unga wala mafuta. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze bei ya haki ya simu ya mtumba hupatikanaje. Kosa la kijana yule halikuwa kutojua kubishana. Alibishana mambo ambayo hayabishaniwi, na yale yanayobishaniwa hakuyaangalia.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Simu ya mtumba ina maswali matatu: imefungwa? ni feki? betri yake ikoje? Mawili ya kwanza ni kama mlango, ama unapita ama hupiti. La tatu ndilo mizani, na hapo ndipo bei hupanda na kushuka. Watu wengi hugeuza mambo, wakaombea punguzo simu iliyofungwa, na betri wakaiacha hivi hivi.

Mlango wa kwanza: kufuli

Kufuli linalowaumiza watu wengi siku hizi ni la simu za mkopo, zile za kuweka kiasi kidogo halafu kulipa kila siku. Simu hizo zina programu iliyowekwa ndani kabisa, imefungamana na namba ya simu yenyewe, ile IMEI. Ukiiriseti, programu haiondoki. Simu ikipata intaneti tu huuliza kwa kampuni kama malipo yako sawa, na jibu likiwa hapana, hufunga.

Ujanja wa muuzaji mbaya uko hapa. Anailipia simu kama kawaida mpaka siku anapokuuzia. Kwa hiyo siku ya kununua kila kitu kinafanya kazi. Halafu anaacha kulipa, na wewe unakuja kujua siku kadhaa baadaye. Kuijaribu simu kwa dakika tano kibandani hakukuambii lolote kuhusu deni.

Njia za kujua zipo. Ingia kwenye setingi, sehemu ya usalama. Kwenye baadhi ya simu utaona maandishi `Financed device info`. Ukiyaona, simu ina historia ya mkopo. Usipoyaona, usiridhike bado, kwa sababu si kila kampuni hutumia mfumo huo mmoja. Muulize muuzaji waziwazi: "Hii ilikuwa ya mkopo?" Akikubali, basi apige simu kwa kampuni hapo hapo mbele yako, kwa spika, aulize salio lake. Akaunti iko kwa jina lake, kwa hiyo kazi hiyo ni yake, si yako.

Salio likijulikana, kufuli la namna hii ndilo pekee lenye bei. Tuseme simu ni ya 15,000 na deni ni 4,000. Lipa 4,000 moja kwa moja kwa kampuni, subiri mpaka ithibitishe kwamba deni limekwisha na simu imeachiliwa, kisha ndipo umpe muuzaji 11,000 iliyobaki. Usimpe yeye yote ili "akalipe mwenyewe kesho".

Kufuli la pili ni la akaunti ya mwenye simu wa kwanza. Kwenye Android ni akaunti ya Google, kwenye iPhone ni ile ya Apple. Mtu akiiba simu akaifuta kwa nguvu kwa kubonyeza vitufe, ikiwaka itadai nywila ya akaunti ya zamani. Kwa hiyo usikubali simu ambayo "imesharisetiwa tayari, wewe weka laini tu." Iwashe, iunganishe na intaneti, ifuate hatua zote mpaka ufike kwenye ukurasa wa mwanzo wenye picha za programu. Kwenye Android ukikutana na `Verify your account`, au ikitaka namba ya siri ya zamani, haijafunguliwa. Kwenye iPhone maneno ni `iPhone Locked to Owner`. Ikitokea `Remote Management`, hiyo ni simu ya kampuni au shule fulani, nao wanaweza kuendelea kuidhibiti kutoka mbali.

Pwani yetu ina kisa chake cha aina hii. Simu inatoka Jeddah au Dubai, imeletwa na ndugu, na akaunti ni ya ndugu huyo. Muuzaji atakwambia, "Chukua tu, nitamwambia atoe akaunti." Hilo linawezekana, tena haraka. Mwenye akaunti akiwa Jeddah anaweza kuingia iCloud kwa simu nyingine au kompyuta na kuiondoa simu hiyo kwenye orodha yake kwa dakika chache. Basi aitoe kwanza, mkiwa mmekaa hapo mnakunywa kahawa, ndipo ulipe. Kama haiwezekani leo, basi na pesa zisitoke leo. Kwa iPhone za ng'ambo tazama pia kwenye `Settings`, `General`, `About`, mstari wa `Carrier Lock`. Pakiandikwa `No SIM restrictions`, itakubali laini zetu.

Na mafundi wanaosema wanafungua? Wapo wanaoweza kulizunguka kufuli kwa muda. Simu hiyo mara nyingi hubaki na ila, na huweza kujifunga tena ukiisasisha au ukiiriseti. Zaidi ya hayo, ikiwa ni ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamshika anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 14. Simu ya 15,000 inayouzwa 5,000 kando ya njia ni sababu tosha ya mtu kukuuliza ulidhani imetoka wapi.

Mlango wa pili: feki

Simu feki si simu nzuri iliyochakaa. Ni simu nyingine kabisa, yenye uwezo mdogo, iliyovalishwa ganda na jina la kubwa. Kwa hiyo huwezi kuanza na bei ya simu halisi halafu upunguze. Lazima uanze upya na bei ya kile ulichokishika, na kile ulichokishika mara nyingi hakifiki hata simu mpya ya bei ya chini kabisa yenye waranti ya duka.

Anza na namba. Bonyeza `*#06#` kama unayepiga simu. Itatokea IMEI ya tarakimu 15, na simu ya laini mbili huonyesha mbili. Ilinganishe na ile iliyo kwenye setingi, sehemu ya `About phone`, na ile ya kwenye boksi kama lipo. Zikitofautiana, rudisha simu. Kisha tuma tarakimu hizo kwa ujumbe mfupi kwa 1555, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano. Jibu likikuambia namba si halali, au likitaja aina nyingine ya simu, hapo umeshamaliza. Wenye umri wetu wanakumbuka mwisho wa Septemba 2012, simu feki zilipozimwa kwenye mitandao ya Kenya na watu wakaamka na vitu visivyopiga wala kupokea.

Lakini njia hiyo ina kikomo chake. Mtengeneza feki anaweza kuchukua IMEI ya simu halisi na kuibandika kwenye yake. Ukiiuliza 1555, namba ni nzuri, kumbe simu siyo. Ndiyo maana namba peke yake haitoshi, lazima uijaribu na simu yenyewe.

Kwa Samsung, bonyeza `*#0*#`. Simu halisi kwa kawaida hufungua ukurasa wa vipimo vya rangi, spika na kamera, na hapo hapo unapata nafasi ya kukagua kioo kama kina madoa. Feki nyingi hazifanyi chochote. Kwa iPhone, fungua App Store. Ikikupeleka kwenye duka la Google, hiyo ni Android iliyovaa kanzu ya iPhone. Unaweza pia kuchukua namba ya siriali iliyo kwenye `About` ukaiingiza katika `checkcoverage.apple.com`, uone kama modeli inayotajwa ndiyo uliyoishika.

Kitu kingine kinachofichua feki ni nafasi ya kuhifadhi. Setingi huandika 256 GB, kumbe ndani ni 16. Programu imedanganywa iseme hivyo. Njia ya kujua ni kuijaza. Nenda na kikadi au flashi yenye video za kama GB 20, zinakili kwenye simu, kisha cheza ya mwisho. Feki hukwama katikati, au hukubali zote halafu zikawa hazifunguki. Zoezi hili linachukua dakika kadhaa, na muuzaji mwenye simu halisi hana cha kuogopa.

Mizani: betri

Milango miwili ikipita, sasa tunaweza kuongea bei, na hapo mkubwa wa mazungumzo ni betri. Betri ya simu huchakaa kwa kutumika na kwa joto. Kila ikichajiwa na kuisha, hupoteza kidogo cha uwezo wa kubeba moto. Inapozeeka inashindwa pia kutoa moto mwingi kwa mara moja, ndiyo maana simu nyingine huzima ghafla ukifungua kamera hali bado inaonyesha asilimia 25. Apple wanashauri simu zao zitumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Fikiria basi simu iliyokaa mwaka mzima kwenye usukani wa bodaboda, Januari, jua la Mombasa.

Kwenye iPhone kazi ni rahisi. Ingia `Settings`, `Battery`, kisha `Battery Health`, usome `Maximum Capacity`. Ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu kwamba unanunua na betri. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji, na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Kwa hiyo iPhone 11, iliyotoka mwaka 2019, ikikuonyesha 100, usiisifu. Uliza betri ilibadilishwa lini na nani. Kwenye iPhone 11 na za baadaye, ukurasa wa `About` huweza kuonyesha kama betri iliyobadilishwa ni halisi ama haitambuliki. Mafundi wana vifaa vya kuifanya betri hafifu iandike 100, kwa hiyo ile namba isikuzuie kuijaribu.

Kwenye Android nyingi hakuna asilimia hiyo. Samsung wana programu yao ya Samsung Members, ambayo sehemu yake ya uchunguzi hukuambia hali ya betri kwa neno tu. Mimi hutegemea jaribio la saa. Ongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, andika asilimia ya chaji, kisha rekodi video kwa dakika 15. Simu yenye betri kubwa ya 5,000 mAh iliyo nzima hushuka asilimia 4 au 5 hivi. Ikishuka zaidi ya 10, betri imechoka. Ikiwa inaruka, kwa mfano kutoka 40 ghafla mpaka 31, imechoka zaidi. Na kama kioo kimeinuka pembeni au mgongo umetuna, betri imevimba. Hiyo usiichaji wala kuiweka mfukoni, iende kwa fundi kwanza.

Hesabu yenyewe

Jirani yangu alikaa wiki kadhaa akakusanya tena, na safari hii kijana akaja kunichukua. Tulipata A24 nyingine, ya GB 128, kwenye kibanda cha mtu anayejulikana mtaani. Bei aliyotaka ilikuwa 14,000.

Kabla ya kwenda kwake tulikuwa tumeuliza vibanda vitatu bei ya simu hiyo hiyo, GB hizo hizo, ikiwa katika hali nzuri. Tulipewa 14,000, 15,000 na 16,500. Tukachukua ya katikati, 15,000. Huo ndio msingi wetu, si bei ya muuzaji na wala si bei ya dukani simu ilipokuwa mpya. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, ila njia ni hii hii.

Muuzaji alitoa akaunti yake mwenyewe, akairiseti, tukaiwasha kwa intaneti ya kijana mpaka mwisho. Ikapita. IMEI zikalingana, 1555 ikajibu vizuri, `*#0*#` ikafunguka. Ikapita pia. Kisha tukarekodi video. Kutoka 62 ikashuka mpaka 51 kwa dakika 15, na mgongo ukawa moto. Betri imechoka.

Fundi wa jirani alisema kubadilisha betri nzuri ni 2,200 pamoja na kazi. Je, tutoe yote 2,200? Hapa ndipo watu hugombana bure. Simu tulizoziulizia kwa 15,000 nazo hazikuwa na betri mpya, zilikuwa na betri zilizotumika bali bado nzima. Mnunuzi akibadilisha atakuwa na betri bora kuliko zile. Kwa hiyo si haki muuzaji abebe gharama yote, na si haki pia asibebe kitu. Tulianza na 2,200, yeye akasema 1,000, tukakutana 1,700. Hakukuwa na boksi wala risiti ya kwanza, na hilo litamfanya kijana auze kwa bei ya chini siku akitaka kuiuza, tukatoa 800 nyingine.

15,000 kutoa 1,700 kutoa 800 ni 12,500. Muuzaji akanung'unika kidogo. "Shekhe, wewe umekuja na fundi na daftari," akasema. Kisha akakubali, maana kila shilingi tuliyoitoa tulikuwa na sababu yake, na yeye mwenyewe aliiona namba ya betri ikishuka.

Malipo yakenda kwa M-Pesa, si taslimu, ili jina la aliyepokea na saa vibaki kwenye ujumbe. Tukaandika karatasi moja: tarehe, aina ya simu, IMEI zote mbili, bei, namba ya kitambulisho cha muuzaji na sahihi za wote wawili. Muuzaji anayekataa kuandika IMEI kwenye karatasi, hata akishusha bei mara nyingine elfu mbili, usimfuate.

Ukiangalia, simu ya pili ilikuwa ghali kwa 1,500 kuliko ile ya kwanza, tena ilikuwa na betri mbovu. Na bado hiyo ndiyo ya bei ya haki. Ya kwanza betri yake ilikuwa nzima, kioo safi, lakini alichonunua kijana kilikuwa siku kumi za kuazima. Ile simu bado iko kabatini kwao. Mamake amekataa isiuzwe kwa mtu mwingine, na mimi namuunga mkono.